Kwa Mtunzi Aliyerudishiwa Wimbo Wake

Mwanangu, binti wa kaka yangu, baba yako ameniambia kwamba kiongozi wa kikundi cha taarabu amekurudishia wimbo wako akisema hauimbiki, nawe umeapa kutoandika tena. Nimeusoma wimbo wote, nami nakusihi uiache nia hiyo. Neno "hauimbiki" limekuchoma kama tusi, lakini ndani yake mna kasoro inayohesabika kwa vidole, na kasoro ya namna hiyo hurekebishwa.

Tuutazame ubeti wa kwanza. Uliandika hivi:

Nimengoja barazani, hata taa kuzimika,
Sikusikia mlangoni, sauti ya kuitika,
Moyo wangu una huzuni, machozi yananitoka.

Umeshika mpango wa zamani wa mistari mitatu, kila kipande mizani nane, kina cha kati "ni" na cha mwisho "ka". Vina vyako ni safi. Sasa gonga goti ukihesabu mstari wa pili: si-ku-si-ki-a-m-la-ngo-ni. Ni mizani tisa. Nadhani hukuihesabu ile "m" ya "mlangoni" kwa kuwa haina irabu, lakini inatamkwa peke yake, kwa hiyo ni mizani kamili. "Ngo" nayo ni mizani moja tu, ingawa ina herufi tatu. Mstari wa tatu umeteleza vivyo hivyo: mo-yo-wa-ngu-u-na-hu-zu-ni, tisa tena.

Machoni mizani moja ya ziada haionekani. Kinywani ni jambo jingine. Sauti imekwisha pangwa kwa nane, fidla na kanuni zinasubiri kujibu mwisho wa kipande, naye mwimbaji analazimika kumeza silabi moja au kuikimbiza. Akiimeza, neno linapotea. Akiikimbiza, anapishana na ngoma. Hicho ndicho alichokisikia kiongozi yule. Angekuonyesha mahali penyewe angekutendea haki zaidi, lakini sikio lake halikumdanganya.

Mstari wa tatu una udhaifu mwingine, nao ni mkubwa kuliko mizani. Moyo wenye huzuni na machozi yanayotoka vimo katika nyimbo nyingi mno. Umewahi kwenda taarabuni ukaona wanawake wanavyoinuka kwenda kumtunza mwimbaji. Mtu huinuka na noti yake pale neno linapomgusa jambo lake mwenyewe, mara nyingi kwa fumbo, na walio karibu naye wakajua limempata nani. Kwa "huzuni" tupu hainuki mtu. Basi nimejaribu hivi, nawe una ruhusa ya kukataa:

Nimengoja barazani, hata taa kuzimika,
Kimya tele mlangoni, hakuna aliyefika,
Chai yako kikombeni, utando umeshashika.

Hesabu mwenyewe, kila kipande ni nane. Huzuni haikutajwa, lakini chai ya maziwa haishiki utando ila imeachwa ikapoa, na kila aliyewahi kumngojea mtu anaijua chai hiyo. Wala sikusema anayengojewa ni nani. Msikilizaji atamweka wake.

Usidhani kejeli zimeanza na wewe. Siti binti Saad alitoka Fumba, alikuwa akiuza vyungu, na alipopata jina mjini Unguja wapo waliomcheka kwa wimbo, wakikejeli asili yake na sura yake. Shaaban Robert ameyaeleza maisha ya Siti katika wasifu aliomwandikia. Siti hakunyamaza, wala hakugombana barabarani. Alijibu kwa wimbo. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri, zikasikika pwani nzima kwa Kiswahili. Wewe hujatukanwa sura wala ukoo. Umeambiwa tu kwamba kipande hakiingii katika sauti, na neno hilo linajibika kwa kalamu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila ubeti uimbe kwa sauti ya wimbo wowote unaoujua wenye mizani kumi na sita, kisha mpe mtu mwingine auimbe bila kumwelekeza. Anapojikwaa, tia alama. Wewe mwenyewe hutajikwaa, kwa kuwa umekwisha zoea kulikimbiza neno lako. Ndiyo maana sikio la mwingine linahitajika. Mizani ikitimia, bado wimbo unaweza kukataliwa, kwa kuwa mwimbaji haupendi au kikundi kina nyimbo nyingi mkononi. Hapo peleka kwingine bila kubadili kitu.

Kiitikio chako usikiguse, kimekaa vizuri. Ubeti wa nne una silabi ya ziada katika kipande cha pili cha mstari wa kwanza. Sitakuambia ni ipi. Itafute, uiondoe, uniletee wimbo mzima kabla ya kumrudishia kiongozi yule yule.

Ni mimi shangazi yako.