Eti Shabiki Aliteleza

Sisi wa jukwaa la mzunguko tumezoea kuitwa wahuni, na hilo tulishalimeza. Ila taarifa iliyotolewa baada ya mechi ya Jumapili imetukwama kooni: shabiki mmoja aliteleza, akaumia mguu, akakimbizwa hospitali. Aliteleza wapi? Na nani alimkimbiza?

Tulikuwepo. Bao la kusawazisha liliingia dakika ya 63, waliokaa juu wakashuka kushangilia, uzito wote ukaangukia reli ya mbele. Reli ikang'oka. Haikupinda, iling'oka shinani, kwa sababu bomba limeliwa na kutu pale linapoingia kwenye zege, mahali maji ya mvua yanapotuama masika yote. Juu limepakwa rangi mpya ya klabu na linang'aa vizuri. Mwenzetu akadondoka kwenye njia ya saruji chini, mfupa ukavunjika chini ya goti.

Anayetaka kujua kama reli ni nzima haangalii rangi. Anaishika aitikise kwa nguvu, kisha anainama kutazama shinani: kuna alama za kutu zilizochuruzika? Zege limepasuka kuzunguka bomba? Ni kazi ya kufanywa kabla mageti hayajafunguliwa, na inahitaji mikono tu. Kama haikufanywa, lile jukwaa lilipaswa kufungwa. Badala yake liliuzwa lote, na wengine wakakaa ngazini.

Sasa hao wenye reflekta. Walikuwepo, hatuwasingizii. Lakini wakati wa bao wote walikuwa wamegeukia uwanjani, na mmoja alishangilia kuliko sisi tuliolipa. Msimamizi wa jukwaa hulipwa ili aupe mchezo mgongo na kuwatazama watu, maana msukumano huanza kuonekana kabla haujaua mtu. Yule aliyekuwa karibu hakuwa na redio ya mawasiliano. Alikimbia kwa miguu kutafuta mkubwa wake, na mkubwa wake naye akaenda kumtafuta mwenye ufunguo, kwa sababu geti la dharura la upande wetu lilikuwa na kufuli. Tukaambiwa ni kuzuia wanaoingia bila tiketi. Pale Accra, Mei 9, 2001, zaidi ya watu 120 walikufa uwanjani baada ya polisi kupiga mabomu ya machozi na watu kukuta mageti yamefungwa. Nao bila shaka walikuwa na sababu nzuri ya kufunga.

Huduma ya kwanza ilitolewa na sisi. Wawili walitaka kumbeba juujuu kwa mikono na miguu, tukawakatalia, kwani aliyeanguka kutoka juu anaweza kuwa ameumia shingo au mgongo. Dada mmoja akakunja skafu akakandamiza jeraha mpaka damu ikapungua. Machela ilifika mechi ikiwa imebaki dakika chache kuisha. Gari la wagonjwa lilikuwepo muda wote nyuma ya goli, ila ni la wachezaji. Likiondoka na lisiwepo jingine, mechi inasimama, na hakuna aliyethubutu kumwambia kamisaa asimamishe mechi kwa ajili ya mtu wa mzunguko. Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza unataka wawepo wahudumu wa huduma ya kwanza kwa ajili ya watazamaji, si timu tu. Sisi hatukumwona hata mmoja. Mwenzetu aliondoka kwa bajaji, na hospitalini akaulizwa PF3.

Baada ya hapo ndipo ikaandikwa kwamba aliteleza. Kwa maneno hayo reli haina kosa, kufuli halina kosa, na wa kulaumiwa ni viatu vya majeruhi. Ripoti ya kweli ingetaja jukwaa na safu, reli ilikatikia wapi, nani aliikagua mara ya mwisho na lini, wasimamizi wangapi walikuwa upande ule na walisimama wapi, mtu aliumia saa ngapi na machela ilimfikia saa ngapi. Bila saa hizo mbili, kila mtu atasema alifika haraka.

Sasa tunasikia fundi wa kuchomelea ameitwa. Akishaichomelea reli, ushahidi umekwisha. Kwa hiyo wewe uliyepiga picha au video Jumapili ile, usiifute na wala usiipunguze ubora kwa kuirusha kwenye makundi tu; ihifadhi kama ilivyo, na muda wake. Kama uliona namba kwenye reflekta, iandike leo. Tunza pia ujumbe wa malipo ya tiketi, maana jambo la kwanza watakalokana ni kwamba ulikuwepo. Kisha twendeni pamoja tukaandikishe maelezo, kwa sababu majeruhi bado amelala, hawezi kwenda mwenyewe.