Foleni ya banki haizimwi na hotuba, inazimwa na dhamana

Kila mara uvumi unapozuka kwamba banki fulani imeishiwa, viongozi hutoka kwenye redio kuomba raia watulie. Wanasema hakuna sababu ya kuogopa, wanaokimbilia madirishani ni watu waliodanganywa. Mwaka 2016, wakati wateja wa BIAC walipopanga foleni na kuwekewa kipimo cha feza wanazoweza kutoa, maneno hayo hayakuwarudisha nyumbani. Mwisho wake Banki Kuu ya Kongo iliiweka banki hiyo chini ya uongozi wa muda.

Mimi naona wale wanaopanga foleni hawana ujinga. Wanapiga hesabu, na hesabu yao ni sahihi. Ndiyo maana hotuba haiwasaidii.

Tuchukue banki ndogo ya kufikiria. Watu 100 wameweka humo dola 100 kila mmoja, jumla dola 10 000. Banki inajua kwamba katika mwaka, watu 30 watapatwa na shida: mgonjwa, kilio, masomo ya watoto. Kwa hiyo inabakiza dola 3 000 sandukuni na kukopesha 7 000 kwa wafanyabiashara. Mwaka ukiisha, mkopo unarudi ukiwa dola 8 400. Wale 30 wenye shida wamepata 100 zao siku waliyozihitaji, na 70 waliosubiri wanapata 120 kila mmoja. Kila mtu amefaidika.

Lakini banki imeahidi kitu kigumu: yeyote anaweza kuja leo na kudai dola zake 100. Mkopo hauwezi kurudi leo. Mfanyabiashara amekwisha kununua lori au kujenga depo. Banki ikilazimishwa kuuza mkopo huo haraka, tuseme itapata nusu ya bei. Dola 7 000 zinageuka kuwa 3 500. Ukiongeza zile 3 000 za sandukuni, banki nzima ina dola 6 500. Wote 100 wakija pamoja, 65 wa kwanza watalipwa, na 35 wa nyuma watarudi mikono mitupu.

Sasa jiweke mahali pa mteja ambaye leo hana shida yoyote. Je, asubiri au aende? Jibu halitoki kwake, linatoka kwa wenzake. Wakienda 30 tu, anayesubiri atapata 120. Wakienda 40, banki itauza sehemu ya mikopo kwa hasara, na anayesubiri atapata 100, sawa na aliyetoka. Wakienda 50, anayesubiri atapata 72 tu. Kuvuka watu 40, mwenye akili anakimbia. Na kwa kukimbia anawaongezea wengine sababu ya kukimbia.

Angalia jambo moja: katika hesabu hii banki haikuibiwa, na mikopo yake ni mizuri. Banki ile ile, siku ile ile, ina miisho miwili. Kila mtu akiamini wengine watatulia, wote wanatulia. Kila mtu akiogopa kwamba wengine wataogopa, banki inaanguka, na walioogopa wanaonekana walikuwa na haki. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuzuia mwisho mbaya kwa kubaki nyumbani peke yake. Atakuwa amejitoa sadaka bure.

Hesabu ya namna hii iliandikwa mwaka 1983 na Wamarekani wawili, Douglas Diamond na Philip Dybvig. Mwaka 2022 walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na mwenzao Ben Bernanke. Dawa waliyoionyesha ni bima ya akiba: mfuko wenye nguvu ya serikali nyuma yake unaahidi kwamba banki ikianguka, kila mteja atapewa dola zake 100.

Rudi kwa mteja wetu. Akisubiri na wenzake wakatulia, anapata 120. Akisubiri na wenzake wakakimbia, bima inampa 100. Akikimbia, anapata 100 vilevile. Kukimbia hakuna tena faida yoyote. Kwa kuwa kila mtu anaona hivyo, asiye na shida haendi, ni wale 30 tu wanaofika dirishani, na mfuko haulipi hata dola moja. Ahadi ikiaminiwa kabisa, katika hesabu hii haigharimu kitu. Ni ile isiyoaminiwa ndiyo inayogharimu.

Waingereza walilijifunza hilo mwaka 2007. Habari ilipotoka usiku wa tarehe 13 Septemba kwamba banki ya Northern Rock imeomba msaada wa haraka kwa Banki Kuu yao, kesho yake foleni zilizunguka mitaa. Uingereza ilikuwa na bima. Lakini ilifunika kikamilifu pauni 2 000 za kwanza tu, kisha asilimia 90 ya pauni 33 000 zilizofuata. Weka hiyo katika hesabu yetu: anayekimbia anapata 100, anayesubiri anaweza kubaki na 90, tena baada ya kungoja. Bado inafaa kukimbia. Tarehe 17 Septemba, waziri wa feza Alistair Darling alitangaza kwamba serikali inadhamini akiba zote za banki hiyo. Foleni zikayeyuka. Banki ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni hesabu ya mteja.

Lakini dhamana ina mpaka wake. Inaponya banki yenye mikopo mizuri iliyokamatwa na hofu. Haiponyi banki iliyokopesha ndugu na marafiki wa wakubwa ambao hawatalipa kamwe. Hapo hata wateja wakitulia, zile 8 400 hazitarudi, na mfuko utalipa kweli. Tena mteja aliyedhaminiwa hana sababu ya kuuliza banki yake inamkopesha nani. Kazi hiyo ya kuuliza lazima ifanywe na wakaguzi wa Banki Kuu, na banki zenyewe zichangie mfuko. Bima bila wakaguzi ni kuwalipia wezi.

Na kwetu kuna ugumu mwingine ambao Waingereza hawakuwa nao. Sehemu kubwa ya akiba katika banki za Kongo ni dola. Darling aliahidi pauni, na Uingereza inatengeneza pauni. Banki Kuu yetu haitengenezi dola. Kuahidi kulipa akiba za dola kwa franka, kwa bei itakayopangwa baadaye, ni kurudi kwenye makosa ya ile asilimia 90: mteja atapiga hesabu na kukimbia. Mfuko wa Kongo utazuia foleni kama una dola zilizowekwa tayari, kama unafunika akiba ya mwalimu na ya mama wa soko yote nzima hadi kiwango kinachojulikana, na kama unalipa kwa siku, si kwa miaka.

Mpaka hapo, mama anayeweka feza zake kwenye likelemba au chini ya godoro anajua anachofanya. Anayetaka azilete banki asimwambie atulie. Ampe sababu ya kutulia, iliyoandikwa, yenye kiasi na tarehe ya kulipwa.