Maandishi ya video: yabandikwe ndani au yapakiwe pembeni?

Tulipomhoji mkulima wa mkonge wa Ngombezi kwa Kizigua, tuliibandika tafsiri ya Kiswahili ndani ya picha yenyewe, kisha tukaisambaza video WhatsApp na YouTube. Kesho yake tukagundua kosa. Alisema ekari 3. Sisi tuliandika hekta 3, yaani zaidi ya mara mbili ya shamba lake.

YouTube haikuruhusu kuweka video mpya mahali pa ile ya zamani. Tuliifuta, maoni ya watazamaji yakaenda nayo. Kama tafsiri ingekuwa kwenye faili la SRT lililopakiwa pembeni, tungebadilisha neno moja tu katika mstari huu:

```
1
00:00:04,000 --> 00:00:07,500
Shamba langu ni hekta 3.
```

Sasa YouTube tunapeleka video safi na faili lake, na mtazamaji huwasha au kuzima maandishi mwenyewe.

WhatsApp ni habari nyingine. Haiunganishi faili hilo na video, hivyo mpokeaji angesikia Kizigua bila tafsiri. Huko tunabandika, tena kwa herufi kubwa, maana video ikibanwa herufi ndogo hufifia. Kwenye Status tunayapandisha juu kidogo, yasifunikwe na maelezo ya mtumaji. Kabla ya kubandika, mjuzi wa Kizigua huyapitia yote, kwa sababu baada ya hapo hakuna kurekebisha. Ile nakala ya hekta 3 bado inazunguka kwenye makundi ya Korogwe.