Azimio bila jina la mtu halitekelezwi

Kamati nyingi za miradi ya wakulima hujadili vizuri, kisha katibu huandika: “Kamati ifuatilie paa la ghala.” Hapo hakuna aliyepewa kazi.

Jedwali la maazimio liwe na safu tano: kazi, mhusika, tarehe ya mwisho, hali na ufuatiliaji. Chukulia ghala la mahindi linavuja, na mavuno yanaanza Juni. Mhusika awe mtu mmoja, tuseme mweka hazina, hata kama fundi ni mwingine. Tarehe iwe 15 Mei, si “haraka iwezekanavyo”, ili kazi ikikwama zibaki wiki mbili za kutafuta fundi mwingine.

Safu inayodanganya zaidi ni ya hali. Neno “inaendelea” likirudi vikao viwili mfululizo, mara nyingi kazi imesimama. Na “imekamilika” isiandikwe kabla paa halijamwagiwa maji likaonekana halivuji.

Ufuatiliaji, kwa maoni yangu, asiachiwe mhusika mwenyewe. Andika jina la mkaguzi, siku na cha kukagua: katibu, 8 Mei, aone risiti ya mabati. Tarehe ikisogezwa, ile ya zamani ikatwe kwa mstari bila kufutwa, kikao kione imesogezwa mara ngapi.