Laini yangu ilikuwa Tororo, mlimpaje mtu mwingine?

Mhariri,

Naomba nafasi niwaulize hadharani kampuni yangu ya simu na benki yangu swali ambalo kila mmoja hunituma nimuulize mwenzake: nani aliruhusu laini yangu apewe mtu mwingine na akaunti yangu ifagiliwe?

Naishi Busia, upande wa Kenya, na hununua mahindi Tororo. Siku ya wizi nilivuka asubuhi, nikagongewa muhuri mpakani, na nikiwa Tororo nikampigia mteja kwa laini yangu ya Kenya kupitia mtandao wa Uganda. Adhuhuri mawasiliano yakakatika, kioo kikaandika "Emergency calls only". Hapa mpakani simu hurukaruka kati ya mitandao ya nchi mbili kila siku, kwa hivyo hilo halimshtui mtu. Jioni, nikiwa Busia, mtandao haukurudi. Katika duka la kampuni ya simu wakaniambia laini yangu imehamishiwa kadi nyingine. Benki ikaniambia zaidi ya Sh180,000 zimetumwa kwa nambari nisizozijua.

Benki inasema malipo ni halali kwa kuwa nambari ya uthibitisho iliyotumwa kwa simu yangu iliingizwa sawasawa. Ilitumwa kwa kadi mpya, mkononi mwa mwizi! Anayeshika laini hupokea kila ujumbe wa benki, na ndio huo unaomwezesha kudai amesahau nambari ya siri na kuweka nyingine. Kampuni za simu hujua dakika kadi mpya inapowashwa. Benki ikiuliza hilo kabla ya kuachilia pesa nyingi, malipo ya laini iliyobadilishwa saa moja iliyopita yatasimamishwa hadi mwenyewe afike kaunta.

Kampuni ya simu nayo inasema mwombaji alijua majina yangu na nambari ya kitambulisho. Wakazi wa Busia tumeziandika nambari hizo kwenye vitabu vya mawakala wa pesa kwa miaka mingi, na yeyote anayefungua kitabu anazisoma. Tena, kampuni ya simu, mitambo yenu ilikuwa na ushahidi mkubwa kuliko kitambulisho: laini iliyodaiwa kupotea ilikuwa hewani Uganda, ikipiga simu, asubuhi ya siku hiyo hiyo mtu alipoiomba Kenya. Hamkuipigia hata mara moja kuuliza.

Nimeripoti polisi na nina nambari ya OB. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nina haki ya kuona taarifa zinazonihusu. Kampuni ya simu, nionyesheni ombi hilo: duka gani, saa ngapi, mhudumu gani, kitambulisho kipi. Benki, nipeni orodha ya malipo yote na saa zake, mzuie kilichosalia katika akaunti zilizopokea, na mnirudishie pesa zangu. Mkikataa, nijibuni kwa maandishi ili nipeleke majibu yenu kwa Mamlaka ya Mawasiliano na Benki Kuu ya Kenya.

Mfanyabiashara wa mahindi,
Busia