Hati ya Riba: Iulizwe Kwanza Fedha ni za Nani

Kila mwaka unapofika mwezi wa Mei na Juni, wananchi wa visiwa vya delta ya Rufiji huonekana katika gati la Nyamisati wakiwa na bahasha mikononi, wakielekea Kibiti kukamilisha ritani zao za mapato kabla ya tarehe 30 Juni. Katika bahasha hizo, kwa wale walioweka akiba benki, imo karatasi moja fupi inayoitwa hati ya riba ya mwaka. Karatasi hii ina mistari michache tu, lakini twaona kuwa ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote, na kosa hilo humgharimu mtu fedha ambazo nauli ya mashua haiwezi kuzirudisha.

Hati yenyewe ina tarakimu tatu za kushika. Ya kwanza ni riba ghafi, yaani riba yote ambayo benki ilimpa mwenye akaunti kabla ya kukata chochote. Ya pili ni kodi ya zuio, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ni asilimia 10 ya riba hiyo. Benki huikata papo hapo na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Ya tatu ni riba halisi, ile iliyobaki na kuingia katika akaunti. Msomaji anaweza kuikagua hati bila msaada wa mtu yeyote: akigawa riba ghafi kwa kumi apate kodi, na akiitoa kodi katika riba ghafi apate riba halisi. Ikiwa hesabu hizo hazikubaliani, hati irudishwe tawini isahihishwe. Asistuke, hata hivyo, akiona kitabu chake cha benki kina fedha pungufu kidogo kuliko riba halisi. Ada za kuendesha akaunti hukatwa kando, nazo si kodi.

Baada ya hapo ndipo linapokuja swali ambalo, kwa maoni yetu, watu wengi hulirukia: fedha zilizozaa riba hiyo ni za nani na za kazi gani? Sheria inatenganisha wazi. Riba ya amana inayolipwa na benki ya hapa nchini kwa mtu binafsi mkazi, ambayo hakuipata katika kuendesha biashara, kodi yake ya zuio ni ya mwisho. Serikali imekwisha chukua haki yake, na riba hiyo haiongezwi tena katika mapato ya mwaka. Bali ikiwa fedha ni za biashara, riba nayo ni pato la biashara. Hiyo lazima iingizwe yote katika ritani, na ile asilimia 10 iliyokatwa ihesabiwe kuwa ni kodi iliyokwisha lipwa.

Na tuchukue mfano wa mwalimu wa Mbwera mwenye kiduka pembeni, na ambaye kwa sababu ya duka hilo hujaza ritani. Ameweka akiba ya mshahara wake katika akaunti yake mwenyewe, na hati yasema riba ghafi ni shilingi 300,000, kodi 30,000, na riba halisi 270,000. Mwalimu huyu hana la kuandika juu ya riba hiyo katika hesabu ya mapato yake. Lakini msaidizi asiyejua, aliyeketi na kalamu nje ya ofisi, ataona tarakimu hizo na kuziongeza kwenye faida ya duka. Ikiwa mwalimu yumo katika daraja la asilimia 20, ataambiwa alipe shilingi 60,000 zaidi kwa riba ambayo kodi yake ilikwisha malizika. Hapo ametozwa mara mbili, na hakuna aliyekusudia kumwonea.

Sasa tumtazame mfanyabiashara wa kamba wa Nyamisati ambaye mauzo yake yamepita shilingi milioni 100 kwa mwaka, na hivyo anapaswa kutoa hesabu kamili. Fedha za biashara zilizokuwa zikingoja msimu, shilingi milioni 12, aliziweka katika akaunti ya muda maalumu kwa asilimia 8, kuanzia Aprili 2024 hadi mwisho wa Machi 2025. Muda ulipokwisha benki ikamlipa. Hati ya mwaka 2025 ikasema: riba ghafi 960,000, kodi ya zuio 96,000, riba halisi 864,000. Faida ya kamba kwa mwaka huo ni shilingi milioni 9.

Pato lake la kuandika ni milioni 9 na riba ghafi, jumla 9,960,000. Kwa viwango vya mtu binafsi, kodi ya shilingi 9,120,000 za mwanzo ni 816,000, na kilichozidi hapo, yaani 840,000, hutozwa asilimia 25, ambayo ni 210,000. Kodi yote ni 1,026,000. Akitoa zile 96,000 ambazo benki ilikwisha kuzikata, anabakiwa na 930,000 za kulipa.

Akisahau kudai zile 96,000, amezilipa mara mbili. Akiandika riba halisi badala ya riba ghafi, kisha akadai kodi ya zuio, amepunguza deni lake kwa shilingi 24,000 bila haki, na siku ya ukaguzi atadaiwa pamoja na riba ya kuchelewesha. Akiandika riba halisi asidai chochote, kama wengi wafanyavyo wakidhani wamekuwa waaminifu, amelipa 72,000 za bure.

Yafaa pia asome jina na namba ya mlipakodi iliyo juu ya hati. Fedha za biashara zikiwekwa katika akaunti ya mke au ya ndugu, hati itatoka kwa jina la huyo, na mwenye biashara hatakuwa na ushahidi wa kudai kodi iliyokatwa. Na anayechanganya fedha za nyumbani na za dukani katika akaunti moja hujinyima jibu la swali letu la mwanzo. Akaunti mbili zinatosha kulimaliza.

Wako pia ndugu zetu, nasi tuliosoma chuoni twawaelewa, ambao hawaigusi riba na huitoa kwa maskini. Benki haijui nia hiyo. Ikishaingiza riba imekata kodi, na kwa mfanyabiashara riba hiyo bado ni ya kuandikwa. Asiyeitaka kabisa aombe akaunti isiyozaa riba, ambayo baadhi ya benki zinayo.

Tunayo maneno kwa wahusika. Wakala wa benki kijijini hupokea na kutoa fedha, lakini hati ya mwaka hutafutwa tawini. Kwa mtu wa Kiongoroni au Msala hiyo ni safari ya kungoja maji yajae, na katika masika ni safari ya hatari. Aliyepoteza makaratasi yake katika mafuriko ya Aprili 2024 alilazimika kuifanya upya. Tunazitaka benki zitoe hati hizo tangu mwezi Januari bila kuombwa, ziziandike kwa Kiswahili, na kuzifikisha kwa mawakala. Nao maofisa wa kodi wanaopokea ritani za watu wa delta waulize fedha ni za nani kabla ya kugusa tarakimu yoyote, na jibu waliandike katika jalada la mlipakodi, ili mwakani asiulizwe upya na ofisa mwingine.