Kura za maoni Kenya: Kile ambacho kiwango cha makosa hakikukipima mwaka 2022

Mwanzoni mwa Agosti 2022, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, taasisi ya utafiti ya Ipsos ilitoa matokeo ya kura ya maoni yaliyompa Raila Odinga asilimia 47 na William Ruto asilimia 41. Vichwa vya habari vilisema Odinga anaongoza. Tarehe 15 Agosti, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilimtangaza Ruto mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Odinga.

Kenya itarudi kwenye uchaguzi Agosti 2027, na picha za skrini zenye takwimu kama hizo zitavuka mipaka kupitia simu za mkononi. Kwa nchi jirani, jambo hili si geni wala dogo. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalikwamisha mizigo kutoka Mombasa, mafuta yakaadimika Uganda, Rwanda na Burundi. Anayeamini mapema kwamba mshindi amekwisha kujulikana huwa mwepesi pia kuamini kwamba ushindi umeibwa.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu kura za maoni inawataka wachapishaji waeleze, pamoja na mambo mengine, nani amegharamia utafiti, ulifanywa lini, watu wangapi walihojiwa na kiwango cha makosa ni kipi. Picha iliyokatwa maelezo hayo haina cha kupimwa.

Hesabu ya awali ni nyepesi. Watu 100 waliochaguliwa kwa bahati nasibu huleta kiwango cha makosa cha takriban asilimia 10 kila upande. Watu 400, asilimia 5. Watu 1,600, asilimia 2.5. Ipsos ilihoji watu zaidi ya 6,000, idadi inayoleta takriban asilimia moja na robo. Maana yake ni kwamba utafiti kama huo ukirudiwa mara 100, takriban mara 95 jibu litaangukia ndani ya mipaka hiyo.

Hata hivyo, kiwango hicho kinahusu takwimu ya mgombea mmoja. Pengo kati ya wagombea wawili linayumba karibu maradufu, kwa sababu mmoja anaweza kuwa amezidishiwa na mwenzake amepunguziwa. Katika mfano huu, pengo lilipaswa kuzidi takriban asilimia 2.5. Lilikuwa asilimia 6. Kwa kipimo hicho peke yake, kichwa cha habari kilikuwa sahihi.

Kasoro ilikuwa mahali pengine. Ukijumlisha 47 na 41 unapata 88. Waliosalia, 12 katika kila 100, hawakumtaja yeyote kati ya vigogo hao wawili. Kwenye masanduku ya kura, wagombea wengine, George Wajackoyah na David Mwaure, hawakufikia hata asilimia 1 kwa pamoja. Kundi hilo la 12, ambalo sehemu kubwa yake haikuwa na msimamo ulio wazi, lilikuwa kubwa maradufu ya pengo lililotangazwa. Isitoshe, takriban theluthi moja ya wapigakura walioandikishwa hawakupiga kura siku ile, ilhali mtafiti huhoji hata wale ambao hawatakwenda kituoni.

Kiwango cha makosa hupima bahati ya kuchagua watu wachache badala ya wote. Hakipimi anayeficha chaguo lake mbele ya mhoji, anayebadili nia, wala anayebaki nyumbani. Kuongeza idadi ya wanaohojiwa hakutibu mambo hayo.

Tahadhari kubwa zaidi inahitajika pale picha inapodai kuonyesha hali ya kaunti moja. Watu 6,000 wakigawanywa katika kaunti 47, kila kaunti hupata wastani wa watu chini ya 130. Hapo kiwango cha makosa hupanda hadi takriban asilimia 9 kwa kila mgombea, na pengo la asilimia 10 kati ya wawili haliwezi kuthibitisha nani yuko mbele, ingawa maandishi madogo chini ya picha bado yanataja kiwango cha taifa zima.

Msomaji wa 2027 atakuwa na vipimo viwili. Kwanza, pengo lizidi maradufu ya kiwango cha makosa cha kundi linalozungumziwa hasa. Pili, pengo hilo lizidi pia idadi ya wasiotaja chaguo lao. Takwimu za Agosti 2022 zilivuka kipimo cha kwanza zikakwama katika cha pili, na yote mawili yangeweza kuonekana kabla ya kura ya kwanza kupigwa.